Saa Nane Usiku Mwaloni: Nani Aiamshe Dashibodi?

Anayeanza kutengeneza dashibodi ndogo leo hukutana na washauri watatu, na kila mmoja huzungumza kana kwamba wenzake hawapo. Wa kwanza atamwambia aandike mstari mmoja wa `cron` akalale. Wa pili atasema seva yako mwenyewe ni mzigo, itundike kazi winguni, mtoa huduma ataigonga kila usiku. Wa tatu, ambaye mara nyingi ametoka kwenye mafunzo ya uhandisi wa data, atasema bila kiratibu cha mtiririko kama Airflow hiyo si kazi ya kitaalamu. Wote watatu wana hoja. Mkanganyiko unatokana na kwamba wanajibu swali la chombo kabla hawajauliza swali la kazi.

Uchambuzi huu unaipima hoja ya kila mmoja kwa kazi moja ndogo, iliyowekwa mahali ambapo umeme, mtandao na hata mwezi angani vina sauti katika uamuzi: mialo ya Ziwa Tanganyika upande wa Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, Kirando ikiwa katikati.

## Kazi yenyewe

Tuchukulie ofisi ya uvuvi ya wilaya, iliyoko Namanyere juu ya uwanda wa Ufipa, inataka kila asubuhi kuona mavuno ya mialo minne iliyo chini kando ya ziwa: Kabwe, Kirando, Kipili na Wampembe. Mwaloni mkusanyaji wa takwimu anajaza fomu ya simu kwa kila mtumbwi unaoshusha: dagaa kilo ngapi, migebuka kilo ngapi, mtumbwi upi. Fomu za aina hii, zile za ODK au KoboToolbox kwa mfano, hukaa ndani ya simu mpaka mtandao upatikane, kisha hupanda kwenye seva. Usiku skripti moja inavuta fomu mpya, inazijumlisha kwa mwalo na kwa siku, na kuandika jedwali la muhtasari ambalo dashibodi inalisoma.

Ukubwa wake tuukadirie. Mitumbwi 50 kwa mwalo ni mistari 200 kwa usiku. Uvuvi wa dagaa na migebuka ni wa taa. Zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola. Taa haivuti samaki vizuri mbalamwezi ikiwa kali, kwa hiyo kila mwezi mwandamo kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi mingi hailali ziwani. Ukihesabu usiku 270 wa kazi kwa mwaka, unapata mistari 54,000. Hifadhidata ya PostgreSQL kwenye mashine ya kawaida inaujumlisha mwaka huo mzima ndani ya sekunde chache.

Nambari hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika. Sehemu kubwa ya ugomvi kuhusu vyombo inatoka kwa watu wenye kazi zinazochukua saa nne, ambazo haziwezi kurudiwa zote kila usiku. Kazi inayochukua sekunde kumi ina uhuru ambao ile nyingine haina. Inaweza kufutwa na kujengwa upya tangu mwanzo, kila usiku, bila kukumbuka ilifikia wapi jana:

```sql
BEGIN;
DELETE FROM muhtasari;
INSERT INTO muhtasari
SELECT mwalo, tarehe_kushusha, sum(kilo), count(*)
FROM mavuno GROUP BY 1, 2;
COMMIT;
```

Kwa kuwa yote yamo ndani ya muamala mmoja, anayefungua dashibodi wakati huo anaona jedwali la zamani mpaka `COMMIT` ipite, halafu analiona jipya. Skripti ikifa katikati, la zamani linabaki. Fomu iliyokwama kwenye simu ya mkusanyaji wa Wampembe kwa siku tisa kwa kukosa mtandao itaingia yenyewe mahali pake usiku itakapofika, bila mtu kuomba siku ile ihesabiwe tena. Hilo ni jambo kubwa, na tutalirudia tukifika kwa kiratibu, kwa sababu linakinyang'anya silaha yake nzuri kuliko zote.

## Saa tatu zinazogongana

Kabla ya kuchagua nani agonge mlango, lazima ijulikane agonge saa ngapi. Hapa ndipo makosa ya kimyakimya huzaliwa, na chombo chochote kati ya vitatu kinaweza kuyabeba.

Ofisi itasema: iendeshwe saa nane usiku. Kwa saa ya mashine hiyo ni 02:00. Anayeandika haraka huku kichwani ana "nane" anaweza kuweka 8, na kazi ikaamka saa mbili asubuhi, wakati mitumbwi bado inashusha na nusu ya fomu hazijajazwa. Dashibodi itaonyesha mavuno, ila yatakuwa pungufu kila siku kwa namna ileile, na upungufu unaojirudia hauonekani kama kosa.

Saa ya pili ni ya seva. Seva nyingi za kupanga huja zimewekwa UTC, na Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, bila kubadilisha majira. Kwa hiyo saa nane usiku ya Namanyere ni 23:00 ya UTC, tena ya tarehe iliyotangulia. Tufuate usiku mmoja. Ni tarehe 15 Juni, saa nane usiku. Mitumbwi iko ziwani katika usiku wa kuamkia tarehe 15, na mavuno ya mwisho yaliyokamilika ni yale yaliyoshushwa asubuhi ya tarehe 14. Skripti inayotafuta "jana" kwa amri ya `date -d yesterday` inapaswa kupata 14. Lakini kwenye seva ya UTC bado ni tarehe 14, hivyo "jana" yake ni 13. Dashibodi inakuwa nyuma siku moja, daima, na kila takwimu iliyomo ni ya kweli. Dalili ni moja tu: nguzo ya mwisho ya grafu haifiki siku ambayo watu wa mwaloni wanaikumbuka.

Saa ya tatu ni ya mvuvi mwenyewe, ambaye usiku wake mmoja wa kazi unapita katika tarehe mbili za kalenda. Mtumbwi uliorudi mapema, saa nane usiku, ukihifadhiwa kwa UTC na tarehe ikakatwa hapo, unahesabiwa siku iliyotangulia, wakati wenzake wa alfajiri wanahesabiwa siku inayofuata. Dawa ni kuamua mara moja kwamba siku ni siku ya kushusha kwa saa za Dar es Salaam, kuiandika `tarehe_kushusha` tangu fomu inapopokelewa, na kutoitegemea tena saa ya seva kwa maana hiyo. Ukishafanya hivyo, na ukajenga jedwali zima kila usiku, neno "jana" linatoka kabisa ndani ya skripti. Saa ya kuamka inabaki kuwa suala la urahisi tu.

## Hoja ya cron

`cron` ilikuwapo kwenye Unix tangu miaka ya 1970, na aina yake inayojulikana zaidi kwenye Linux inatokana na kazi ya Paul Vixie ya mwaka 1987. Nguvu yake ni kwamba hakuna kitu cha kufunga wala cha kulipia, na mtu yeyote atakayeirithi kazi hiyo ofisini ataielewa kwa dakika tano. Mstari wetu, kwenye mashine iliyowekwa saa za Dar es Salaam, ungekuwa hivi:

```
0 2 * * * flock -n /tmp/mialo.lock /opt/mialo/sasisha.sh >> /opt/mialo/mialo.log 2>&1
```

Sehemu ya `flock -n` inazuia kazi ya pili kuanza kama ya kwanza bado inahangaika, tuseme kwa sababu mtandao uko taratibu na kuvuta fomu kumechukua muda. Sehemu ya mwisho inahifadhi maneno na makosa kwenye faili ili pawe na pa kuangalia asubuhi.

Udhaifu wake wa kwanza unajulikana na kila aliyeshinda akishangaa kwa nini skripti inayofanya kazi mkononi haifanyi kazi usiku. `cron` haipakii mazingira ya mtumiaji. Kwenye Debian na Ubuntu inaanza na `PATH` fupi ya `/usr/bin:/bin` na ganda la `/bin/sh`, hivyo programu iliyofungwa kwingine haionekani. Alama ya `%` ndani ya crontab hugeuzwa kuwa mstari mpya, kwa hiyo `date +%F` ikiandikwa humo bila mkwaju wa nyuma inavunjika. Haya ni makosa ya siku ya kwanza. Yanauma, lakini yanaonekana.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi kwa Nkasi. Mashine ikiwa imezimika saa nane usiku, `cron` haitaiendesha kazi hiyo ikiwaka saa kumi na mbili. Usiku huo umepita. Mkoa wa Rukwa kwa miaka mingi ulikuwa ukipata umeme kutoka Zambia badala ya gridi ya taifa, na anayepanga kompyuta ya ofisini hapo hawezi kupanga kana kwamba umeme haukatiki. Kwa mashine ya namna hiyo, kipima saa cha systemd ni bora kuliko `cron` ya kawaida, kwa sababu kinakumbuka mara ya mwisho kilipoendesha kazi, na mashine ikiwaka kinaifidia iliyokosekana:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00:00 Africa/Dar_es_Salaam
Persistent=true
```

Tena mistari hiyo miwili inataja majira ya saa waziwazi, na ule mtego wa UTC unatoka njiani. Ni ajabu kidogo kwamba watu huruka kutoka `cron` hadi winguni bila kupita hapa, wakati chombo hiki tayari kimo ndani ya mashine yao.

Udhaifu wa tatu wala systemd haiuondoi: kazi isipokimbia, hakuna anayejua. `cron` hujaribu kutuma kwa barua pepe maneno na makosa yasiyoelekezwa kwenye faili, lakini kwenye seva nyingi ndogo hakuna programu ya barua iliyowekwa, na barua hiyo haiendi popote. Hata ingekuwapo, mashine iliyozimika haiwezi kutuma barua ya kusema imezimika.

## Hoja ya wingu

Kipangaratiba cha wingu ni saa ya kukodi. Google Cloud Scheduler na Amazon EventBridge Scheduler, iliyotolewa Novemba 2022, hufanya kazi ileile: saa ikifika, wanatuma ombi kwenye anwani au huduma uliyowapa. Gharama si tatizo. Google hutoza senti 10 za dola kwa kazi kwa mwezi, na kazi tatu za kwanza za akaunti ni bure. Majira ya `Africa/Dar_es_Salaam` huchaguliwa kwenye orodha. Mashine zao hazizimiki kwa sababu transfoma ya Namanyere imepata hitilafu, na ombi likishindwa kuna kumbukumbu ya kushindwa huko.

Lakini saa ya kukodi inagonga mlango tu. Haibebi kazi. Kama kazi haiko tayari kwa mtoa huduma huyohuyo, lazima kuwe na mlango wenye anwani ya wazi kwenye mtandao, na nyuma yake kitu kinachoitikia. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta ya ofisi, inayotumia laini ya simu, haina anwani hiyo. Kwa hiyo anayechagua kipangaratiba cha wingu kwa kweli anachagua kuhamisha kazi yote: skripti, hifadhidata, nywila za seva ya fomu. Hapo senti 10 si bei tena. Bei ni kujifunza ruhusa na akaunti za huduma za mtoa huduma huyo, na kumtunza mtu anayezijua. Na kama fomu zina majina na namba za simu za wavuvi, kuzihamishia nje ya nchi kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Muhtasari wa kilo kwa mwalo hauna tatizo hilo. Fomu ghafi zinalo.

Kuna mitego miwili ya kiufundi inayofanana na ile ya `%`, ila iko kwenye karatasi za mtoa huduma. Kwanza, Cloud Scheduler kwa ombi la HTTP husubiri jibu dakika tatu isipoambiwa vingine, na mwisho wake ni dakika 30. Usiku ambao kuvuta fomu kumechukua dakika nne, saa inaandika "imeshindwa" ingawa kazi inaendelea vizuri ndani, na kama umeiwekea kurudia, inagonga tena. Pili, mtoa huduma anaahidi kugonga angalau mara moja, maana yake mara chache anaweza kugonga mara mbili. Kazi mbili zikikimbia pamoja, ile SQL ya juu ina hatari isiyoonekana kwa haraka: ya pili ilifuta mistari iliyoiona ilipoanza, haikuiona mipya ya mwenzake, kisha ikaongeza yake. Mavuno ya kila mwalo yanaonekana mara mbili. Kinga ni kuweka ufunguo wa msingi wa `(mwalo, tarehe_kushusha)` kwenye jedwali la muhtasari, ili ya pili ikatae kwa kelele badala ya kuongeza kimya.

Na wingu nalo hukatika, kwa namna yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo kazi iliyo winguni inaweza kukimbia bila shida, lakini ofisi ya Namanyere haiwezi kuifungua dashibodi. Dashibodi iliyo ofisini ingefunguka, ila isingekuwa na fomu mpya. Kuna pia kukatika ambako hakutajwi kwenye vitabu: kadi ya benki iliyosajiliwa inaisha muda, aliyeisajili amehamishwa kituo cha kazi, na akaunti inasimamishwa.

Wapo wanaotumia njia ya mkato ya GitHub Actions kama saa ya bure. Inafaa kujua kwamba ratiba zake kwa kawaida ni za UTC, huchelewa hasa mwanzoni mwa saa wakati wengi wanagonga pamoja, na kwa hazina ya wazi isiyo na shughuli kwa siku 60 ratiba huzimwa. Dashibodi iliyokamilika ndiyo hasa ile ambayo hakuna anayegusa msimbo wake kwa siku 60.

## Hoja ya kiratibu cha mtiririko

Airflow ilianzishwa Airbnb mwaka 2014 na Maxime Beauchemin, kisha ikawa mradi kamili wa Apache mwaka 2019. Dagster na Prefect ni wa ukoo huo. Walitokana na tatizo halisi: kampuni yenye mamia ya kazi za usiku zinazotegemeana, ambapo jedwali la malipo haliwezi kujengwa kabla ya jedwali la wateja, na kupanga utegemezi huo kwa kukisia kwamba "ya kwanza itakuwa imeisha ifikapo saa tisa" kulikuwa kunavunjika kila wiki. Kiratibu kinaijua michoro ya utegemezi, kinarudia hatua iliyoanguka bila kurudia zilizopita, kinahifadhi historia ya kila usiku, na kinaweza kuendesha upya usiku wa miezi sita iliyopita mmoja mmoja.

Mshauri wa tatu, basi, hasemi uongo. Kazi yetu nayo ina hatua: vuta fomu, safisha, jumlisha, chapisha. Angeongeza kwamba kurudia usiku wa nyuma ni muhimu hasa mahali ambapo fomu huchelewa. Hiyo ni hoja nzuri, na ingeshinda kama kujumlisha mwaka mzima kungechukua saa nne. Kunachukua sekunde. Kujenga upya kila kitu kila usiku ndiko kurudia nyuma, bila kiratibu kujua. Na hatua nne zinazofuatana moja baada ya nyingine kwenye skripti yenye `set -e` juu yake zinasimama palepale ya kwanza inapoanguka.

Gharama yake iko upande mwingine. Mwongozo wa Airflow wa kuianzisha kwa Docker unataka angalau GB 4 za kumbukumbu, na unapendekeza 8. Seva inayotosha kazi yetu ina GB 1 na hupangishwa kwa dola chache kwa mwezi. Airflow ina hifadhidata yake, mpangaji wake na ukurasa wake wa wavuti, na kila kimoja ni kitu kinachoweza kufa usiku. Ukiikodi ikiwa tayari inaendeshwa na mtoa huduma, bili hufika dola mia kadhaa kwa mwezi. Ni kama kununua lori la kubebea karai moja la dagaa kutoka mwaloni hadi kijiweni.

Zaidi ya gharama kuna lugha yake. Katika Airflow 2, kazi ya kila siku iliyopangwa 02:00 inayoendeshwa tarehe 15 Juni hubeba tarehe ya kimantiki ya 14 Juni, kwa sababu mfumo unafikiri kwa kipindi cha data kilichofungwa. Chaguo la `catchup` nalo lilikuwa limewashwa bila kuombwa: ukiandika kwamba kazi ilianza mwaka jana, mfumo unaanzisha mbio za kila siku iliyopita, mamia yake. Toleo la 3 la mwaka 2025 limebadilisha yote mawili, na hilo lenyewe ni gharama, kwani maelezo mengi yanayosomwa na wanaojifunza bado ni ya toleo la 2. Tayari tulikuwa na saa tatu zinazogongana. Hii ni ya nne.

## Sifuri ya kweli na sifuri ya uongo

Hapa ndipo Kirando inapotufundisha jambo ambalo ulinganisho wa kawaida wa vyombo hauligusi. Vyombo vyote vitatu vinajua kama kazi ilimalizika. Hakuna kinachojua kama matokeo yana maana.

Wiki ya mbalamwezi dashibodi itaonyesha karibu sifuri, na ni kweli. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisitishwa kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Dashibodi kama yetu ingeonyesha sifuri kwa miezi mitatu, nayo ingekuwa kweli. Lakini sifuri hiyohiyo ingeonekana kama nywila ya seva ya fomu imekwisha muda na skripti ikalimeza kosa hilo, kama simu ya mkusanyaji imeharibika, au kama skripti inavuta kutoka fomu ya zamani baada ya ofisi kuchapisha mpya. Katika hali zote hizo `cron` imeamka kwa wakati, wingu limepata jibu la 200, na Airflow imeweka rangi ya kijani.

Anayeweka kengele ya "hakuna mistari mipya" atasumbuliwa kila mwezi mpevu, na kufikia wa tatu ataizima. Akiizima, kosa la kweli litapita. Njia inayofaa ni kutenganisha maswali mawili na kuyaonyesha yote mawili juu ya dashibodi kwa maandishi ya kawaida: "Kazi imekimbia mwisho: 15 Juni, saa 8:00 usiku" na "Fomu ya mwisho iliyopokelewa: Kirando 14 Juni, Wampembe 6 Juni." Ofisa anayesoma anajua kama mwezi ni mpevu, mashine haijui. Na fomu ya kutoa taarifa kwamba "leo hakuna mtumbwi ulioshusha", ikijazwa kila siku hata wakati wa kufungwa ziwa, inaigeuza sifuri kuwa ushahidi. Mwalo usio na fomu hata hiyo una tatizo la simu au la mtu, wala si la samaki.

Swali la kwanza, la kama kazi imekimbia, linahitaji shahidi aliye nje ya mashine. Huduma kama Healthchecks.io hufanya hivyo kinyumenyume: skripti ikimaliza vizuri inagonga anwani yao, na wasiposikia mlio kwa muda uliowekwa, wao ndio wanaomtumia mtu ujumbe. Ni mstari mmoja wa `curl -fsS` mwishoni mwa skripti. Shahidi huyu anafidia udhaifu wa tatu wa `cron` bila kuleta chochote cha wingu au cha kiratibu ndani ya nyumba.

## Kupima

Ukiweka yote kwenye mzani, kinachoamua ni mahali data inapolala, halafu chombo kinafuata. Kama seva ya fomu na hifadhidata tayari viko kwenye seva ya kupanga inayowaka usiku na mchana, mstari wa `cron` kwenye seva hiyohiyo, pamoja na `flock` na shahidi wa nje, unatosha. Kipangaratiba cha wingu hapo kinaongeza mlango wa wazi ambao haukuhitajika. Kama kazi iko kwenye kompyuta ya ofisi Namanyere, ichukuliwe systemd yenye `Persistent=true`, na kazi ipangwe kwa kukubali kwamba asubuhi nyingine itakimbia saa moja badala ya saa nane usiku. Dashibodi inayosomwa saa mbili haitaathirika.

Wingu linashika nafasi ya kwanza katika hali moja: ofisi haina mashine inayowaka usiku, haina wa kuitunza, na data tayari iko kwa mtoa huduma huyo, tuseme kwenye BigQuery. Huko saa na kazi viko nyumba moja, na mlango wa wazi hauhitajiki, kwani kipangaratiba na hifadhidata vinatambuana kwa akaunti ya ndani.

Kiratibu kisikataliwe milele. Siku ofisi ya mkoa Sumbawanga itakapotaka takwimu za Nkasi ziungane na za wilaya nyingine, zichanganywe na bei za soko na picha za setilaiti za joto la maji, na kila chanzo kikifika kwa wakati wake huku kimoja kikisubiri kingine, crontab itaanza kujaa mistari yenye nafasi za nusu saa za kukisia. Mstari wa pili wa namna hiyo, ule unaoandikwa `30 2` kwa sababu tu ule wa `0 2` kwa kawaida huwa umemaliza, ndio alama ya kuanza kuangalia Airflow au Dagster. Kabla ya hapo, dashibodi ya mialo minne iendelee kuamshwa na mstari mmoja, na mwenye zamu aangalie kwanza tarehe ya fomu ya mwisho ya Wampembe.